Hisa imepanda, nimeuza juu ya niliponunulia, mbona hela imepungua?

#1 Kijana wa Igoma

Wakuu, salamu kutoka Rock City. Naomba mnisaidie hesabu kabla sijaenda kugombana na watu.

Nilinunua hisa 5,000 za kampuni moja iliyoko DSE. Jina naliacha, msije mkasema nalipigia debe. Bei Sh 600. Ikafika 620, nikauza zote. Kwa akili ya kawaida hapo kuna shilingi 20 mara 5,000, yaani laki moja. Nikaangalia benki: nililipa 3,070,980 na nimerudishiwa 3,026,654. Hisa imepanda, mimi nimepungukiwa 44,326.

Na huu ndio mtindo wangu. Naingia, ikipanda kidogo natoka, nahamia nyingine. Ukitazama bei peke yake kila mara nimeshinda. Salio lote linasema kinyume. Nani anakula hapa katikati?

#2 Sato Mkavu

Umeliwa na dalali. Uzi ufungwe.

#3 Ng'wana Pamba

Serikali hiyo. Stempu. Kila karatasi ya nchi hii ina stempu.

#4 Mwenye Daftari

Igoma, una kontrakti noti mbili, ya kununua na ya kuuza. Ziandike hapa mstari kwa mstari. Bila hizo tutabaki tunarushiana lawama. Namba ya akaunti ya CDS usiiweke.

#5 Kijana wa Igoma

Asante mkuu. Ya kununua (3,000,000):
Kamisheni ya dalali 1.7% = 51,000
VAT juu ya kamisheni 18% = 9,180
Ada ya DSE 0.14% = 4,200
Ada ya CMSA 0.14% = 4,200
CSDR 0.06% = 1,800
Mfuko wa fidia 0.02% = 600
Jumla 70,980.

Ya kuuza (3,100,000) ni mistari hiyohiyo, jumla 73,346. Niliziona siku ile ila asilimia 1.7 nikaona ni kitu kidogo.

#6 Mwenye Daftari

Basi wezi wa kwanza wamepatikana na wametia saini. Jumlisha asilimia zako, VAT ikiwemo: ni 2.366 ya thamani ya mauzo. Inakatwa unapoingia, inakatwa tena unapotoka. 70,980 na 73,346 ni 144,326. Faida yako ya bei ilikuwa 100,000. Toa, unabaki na hasi 44,326. Imefungana mpaka shilingi ya mwisho, hakuna aliyekuibia nje ya karatasi.

Kwa makato haya, hisa uliyonunua 600 lazima uiuze karibu 629 ndipo urudishe hela yako tu. Kwa kuwa hisa yako inatembea kwa shilingi kumi kumi, maana yake ni 630. Ukiuza 620 umeuza kwa hasara hata kama simu inakuonyesha rangi ya kijani.

Mwenye kutumia Excel aweke bei ya kununulia kwenye A1 kisha aandike hivi:

```
=A1*(1+0.02366)/(1-0.02366)
```

Hiyo 0.02366 mbadilishe kwa makato ya noti zenu wenyewe, msichukue ya Igoma.

#7 Ng'wana Pamba

Na stempu iko wapi hapo? Umeificha kwenye VAT.

#8 Mwenye Daftari

Haipo, kwa sababu haitozwi. Hisa zilizoorodheshwa zikiuzwa DSE hazilipiwi ushuru wa stempu. Ni moja ya vivutio walivyowekewa wanaoingia sokoni. VAT ni kodi nyingine, na kwenye noti ya Igoma imekatwa kwenye huduma ya dalali, haikukatwa kwenye thamani ya hisa. Ingekatwa kwenye milioni tatu nzima angelia mpaka Ukerewe wasikie.

#9 Dada Nyakato

Hapana kaka, stempu ipo. Mimi nilihamisha kiwanja Buswelu nikalipa ushuru wa stempu, risiti ninayo. Na mwanasheria alisema mali yoyote ikibadilisha jina inalipiwa.

#10 Mwenye Daftari

Dada, kwa kiwanja ni kweli kabisa. Hata hisa za kampuni ya kifamilia isiyo sokoni, ukimuuzia shemeji yako, hati ya kuhamisha inakwenda kulipiwa stempu. Msamaha ni kwa zile zinazouzwa kupitia soko. Mwanasheria wako yuko sahihi kwa shughuli uliyompelekea.

#11 Dada Nyakato

Sawa. Kwa hiyo kiwanja changu kingekuwa kimeorodheshwa DSE nisingelipa 😂

#12 Mkerewe Ughaibuni

Niko Leeds, kwetu Nansio. Huku stempu ni kitu cha kweli, Ng'wana Pamba angefurahi. Ukinunua hisa ya kampuni ya Uingereza unakatwa 0.5% papo hapo, ukiuza hukatwi. Nikinunua za pauni 2,000 zinaondoka pauni 10. Dalali wangu hatozi kamisheni hata senti, kwa hiyo wenzangu kazini wanasema wanafanya biashara bure.

Nikawapigia hesabu. Mtu mwenye pauni 2,000 akizungusha mtaji wote mara moja kila mwezi analipa stempu mara 12, pauni 120. Hiyo ni asilimia 6 ya mtaji kwa mwaka, kabla hajajua kama hisa alizochagua ni nzuri au mbovu. Mwenzake aliyenunua zilezile Januari akakaa amelipa pauni 10.

#13 Sato Mkavu

Kumbe na Wazungu wanakatwa. Nimefarijika.

#14 Mama Mwaloni

Ng'wangaluka wote. Mimi niko Mwaloni Kirumba, biashara yangu dagaa, lakini hisa kidogo ninazo. Nimesoma hesabu ya Daftari nimeikubali, ila naona kuna kitu amekiruka. Kununua 600 na kuuza 620, hizo ni bei za nani? Mimi nikinunua gunia la dagaa kwa mwenye mzigo, nikageuka dakika ileile nikamwambia nimeghairi nirudishie kwa bei ya leo, atanipa pungufu. Bei ya leo ziko mbili siku zote, yake akiwa anauza na yake akiwa ananunua. Igoma aseme siku ile anachukua kwa 600, wanunuzi walikuwa wameandika ngapi?

#15 Kijana wa Igoma

Mama shikamoo. Nina picha ya skrini. Siku ya kununua: wanunuzi 590, wauzaji 600. Nikachukua ya 600 kwa sababu nilitaka nipate siku hiyohiyo. Siku ya kuuza: wanunuzi 620, wauzaji 630. Nikawapa wa 620.

#16 Mwenye Daftari

Marahaba kwa niaba yake. Mama Mwaloni amegusa penyewe, na penyewe hapa hapaandikwi kwenye noti yoyote.

Tazama vizuri. Unanunua, katikati ya 590 na 600 ni 595. Unauza, katikati ya 620 na 630 ni 625. Soko lilipanda shilingi 30, wewe ukapata 20. Shilingi kumi kwa kila hisa umeziacha mlangoni, tano unaingia na tano unatoka, kwa sababu pande zote mbili ulikuwa na haraka. Kumi mara 5,000 ni 50,000.

Kwa hiyo hadithi yako kamili ni hii. Soko lilikupa 150,000. Spredi, yaani hilo pengo kati ya bei ya wanunuzi na ya wauzaji, ikachukua 50,000. Makato yaliyoandikwa yakachukua 144,326. Ukabaki na hasi 44,326. Ulisoma mwelekeo vizuri kabisa na bado umetoka mikono mitupu.

#17 Jiwe la Bismarck

Napinga. Hiyo 50,000 ni ya kufikirika. Hakuna aliyewahi kununua kwa 595, bei hiyo haikuwepo sokoni. Alinunua 600 kwa hiari yake, kauza 620 kwa hiari yake. Gharama ni ile inayotoka mfukoni. Mkianza kuhesabu bei ambazo hazikuwepo, mtahesabu na ndoto.

#18 Mwenye Daftari

Jiwe, fanya jaribio bila kutoka hapo ulipo. Asubuhi nunua hisa 5,000 kwa 600, dakika tano baadaye ziuze. Bei haijasogea, wanunuzi bado 590. Umepoteza 50,000 na habari yoyote haijatokea duniani. Uiite upendavyo, lakini haiko tena mfukoni.

#19 Jiwe la Bismarck

Hapo nakuelewa kwa anayeuza dakika tano baadaye. Kwa anayekaa miaka sita bado naona ni ushairi.

#20 Bibi wa Bwiru

Wajukuu, mimi mwalimu mstaafu. Nilinunua NMB walipouza hisa kwa umma mwaka 2008, Sh 600 hisa moja. Sijauza hata moja. Gawio likija linakatwa asilimia 5 ya kodi, linalobaki naweka ada za wajukuu. Hiyo spredi mnayoipigania sijawahi kukutana nayo.

#21 Sato Mkavu

Shikamoo bibi. Una wajukuu wangapi ambao hawajaoa? Nauliza kwa ajili ya utafiti wa soko.

#22 Bibi wa Bwiru

Marahaba. Walete kontrakti noti zako kwanza.

#23 Kijana wa Igoma

Shikamoo bibi. Kwako nimekuelewa, ila mimi sina miaka kumi na kitu ya kungoja. Swali kwa Daftari: kama tatizo ni makato kwa kila mzunguko, si ninachotakiwa ni kushinda mara nyingi zaidi? Nikipata hata 3% kila mzunguko, mizunguko ikiwa mingi itafidia.

#24 Mwenye Daftari

Hapo ndipo hesabu inakugeuka. Mzunguko mmoja wa kununua na kuuza unakula karibu 4.7% ya mtaji kwa makato ya noti zako. Ukipata 3% kila mzunguko, kila mzunguko unakupunguza, na ukiongeza mizunguko unaongeza kasi ya kupungua. Wingi haufidii kitu ambacho kimoja chake ni hasara.

Tuchukue mtu asiyejua chochote, hisa zake hazipandi wala hazishuki. Ana milioni 3, anaizungusha yote mara sita. Makato pekee yanambakisha na kama 2,258,000. Ukiweka na spredi ya shilingi kumi kwenye hisa ya 600 kila mzunguko, anabaki na kama 2,042,000. Hajachagua vibaya. Ametembea tu.

#25 Ng'wana Pamba

Karibu milioni nzima imeondoka na bei imesimama?? Hii ni kubwa kuliko ile kodi niliyokuwa nalalamikia.

#26 Mfalme wa Pipsi

Ndiyo maana nawaambia kila siku njooni kwenye foreksi. Kamisheni sifuri, stempu sifuri, VAT sifuri. Unafungua simu, unanunua dhahabu, unauza, umemaliza. DSE ni ya wazee.

#27 Mkerewe Ughaibuni

Pipsi, sifuri yako imehamia kwenye spredi. Anayekuambia hatozi kamisheni anakuuzia juu na kukununulia chini, tofauti ndiyo mshahara wake. Halafu ukilala na nafasi wazi kuna riba ya usiku.

Huku watu wengi hukwepa ile stempu ya 0.5% kwa kutumia CFD, kwa sababu hapo hununui hisa yenyewe, unabeti na kampuni juu ya bei yake. Stempu kweli hailipwi. Lakini nafasi ikikaa wiki kadhaa riba ya usiku inaweza kuipita ile stempu uliyoikimbia. Kwa wa siku moja inaweza kumlipa, kwa wa miezi simshauri.

#28 Mfalme wa Pipsi

Mimi sikai wiki, nakaa dakika.

#29 Mama Mwaloni

Kwa hiyo spredi unailipa kila dakika, baba.

#30 Mkerewe Ughaibuni

Niongeze kisa changu hapohapo. Kuna soko la kampuni ndogo London, AIM, na tangu 2014 hisa zake hazina stempu. Nikajisikia mjanja. Nikaona hisa, wanunuzi peni 38, wauzaji peni 42. Stempu hakuna, kamisheni hakuna. Nikachukua kwa 42. Sasa ili nitoke salama bei ya wanunuzi ilitakiwa ipande kutoka 38 hadi 42, zaidi ya asilimia 10. Hisa kubwa yenye stempu pengo lake huku ni sehemu ndogo tu ya asilimia moja. Kwa hiyo ile niliyodhani ni ya bure ndiyo iliyokuwa ghali. Bado ninazo, msiniulize.

#31 Fundi Kemondo

Nimefika kwa kuchelewa, niko upande wa Bukoba. Naona wote mnaikubali kamisheni kama mvua. Mbona inapungua ukiwa na mtaji mkubwa? Ninavyojua ukifanya zaidi ya milioni 50 unalipa 0.8% kwa yote. Igoma ajiunge na wenzake, wachange, wanunue kwa pamoja. Tatizo limeisha.

#32 Mwenye Daftari

Fundi, nusu uko sahihi. Ngazi zipo: milioni 10 za kwanza 1.7%, milioni 40 zinazofuata 1.5%, na kinachozidi 50 ndicho 0.8%. Hiyo ya chini haishuki kwenye mzigo wote. Kwa milioni 60 unalipa 170,000, halafu 600,000, halafu 80,000. Jumla 850,000, ambayo ni kama 1.42%. VAT na ada nyingine bado. Umepunguza, lakini si nusu. Na ukipeleka oda ya milioni 60 kwenye hisa ya Igoma unaweza kumaliza wauzaji wote wa 600, ukala wa 610, ukaingia wa 620. Ulichookoa kwenye kamisheni unakirudisha kwenye bei.

#33 Fundi Kemondo

Hilo la kumaliza wauzaji sikulifikiria. Kwa hiyo ile bei kubwa iliyoandikwa juu kwenye skrini si bei ya mzigo wote?

#34 Mwenye Daftari

Ile ni ya mwisho kuuzwa. Inawezekana ziliuzwa hisa 40 saa nne asubuhi na tangu hapo hakuna aliyenunua. Angalia chini yake: wanunuzi wanataka ngapi, kwa bei gani, na idadi yao. Igoma alibahatika, wa 620 walikuwa wanatosha hisa 5,000 zote. Wangekuwa wanataka 800 tu na wanaofuata wako 600, hesabu yake ingekuwa mbaya zaidi na bado skrini ingesema 620.

#35 Dada Nyakato

Hii imenitokea! Niliuza hisa zangu chache, kontrakti noti ikaja na bei tatu tofauti. Nikadhani dalali kanichezea. Nikampigia maneno ambayo sitayarudia hapa.

#36 Kijana wa Igoma

Sawa wakuu, basi dawa si rahisi? Niache haraka. Nisichukue ya 600, niweke oda yangu 590 nisubiri. Nikiuza niweke 630 nisubiri. Spredi nailipwa mimi badala ya kuilipa.

#37 Mwenye Daftari

Kwenye karatasi inapendeza. Kununua 590 ni 2,950,000, kuuza 630 ni 3,150,000, umezalisha 200,000. Makato ni yaleyale 144,326, kwa sababu jumla ya ulichonunua na ulichouza bado ni milioni 6.1. Unabaki na faida 55,674. Umehama kutoka hasi 44,326 bila kubadilisha hisa, umebadilisha subira tu. Laki moja kamili.

Lakini sasa jiulize kama ungepata. Siku ile bei ilikuwa inaelekea juu. Oda yako ya 590 ingekaa pale, bei ikaenda 610, 620, wewe bado uko kwenye foleni. Oda ya kusubiri hujazwa kirahisi zaidi bei inaposhuka kukufuata. Ikipanda inakuacha. Kwa hiyo utapata zote zilizokuwa zinaanguka na utakosa nyingi zilizokuwa zinapaa. Hiyo nayo ni gharama, na haimo kwenye noti wala kwenye pengo la skrini.

#38 Jiwe la Bismarck

Sasa ndoto zimekuwa mbili.

#39 Mama Mwaloni

Mimi nasubiri na napata. Hisa zangu zote nimeweka bei ya chini, nikaenda kuuza dagaa, nikarudi zimeingia. Daftari anatisha watu.

#40 Mwenye Daftari

Mama, wewe unanunua za kukaa. Zikiingia wiki hii au wiki ijayo kwako ni sawa, na zikishuka kidogo baada ya kuingia hujali. Igoma anataka zipande keshokutwa. Oda ni ileile, mwenye oda tofauti.

#41 Ng'wana Pamba

Lakini kuna kitu hamjakisema. Watu wanaouza kila mara ni wabovu wa kuchagua, period... yaani nukta. Wanauza nzuri wanabaki na mbovu. Makato ni kisingizio.

#42 Mwenye Daftari

Kuna watu waliipima hiyo. Brad Barber na Terrance Odean, walimu wa chuo kikuu huko California, walichukua kaya 66,465 zilizokuwa na akaunti kwa dalali mmoja wa bei nafuu Marekani, kuanzia 1991 hadi 1996. Soko lilitoa 17.9% kwa mwaka. Kaya zilizonunua na kuuza mno zikapata 11.4%. Kabla ya kutoa gharama, waliokimbia sana na waliotulia hawakuwa mbali kihivyo. Baada ya kutoa kamisheni na spredi ndipo wakaachana. Wakati ule mzunguko mmoja uliwagharimu kama 3% za kamisheni na 1% ya spredi, yaani jirani kabisa na noti za Igoma.

Kwa hiyo si lazima Igoma awe mbovu wa kuchagua. Anaweza kuwa wa kawaida tu anayetembea sana.

#43 Ng'wana Pamba

Marekani ya 1991 na Mwanza ya leo ni wapi na wapi. Huko hisa zinatembea kila sekunde. Hapa kuna hisa inakaa wiki nzima haijaguswa. Mimi bado nasema anachagua vibaya.

#44 Mwenye Daftari

Hoja ya kutotembea inaongeza spredi, haiipunguzi. Lakini kwamba Igoma anachagua vizuri au vibaya, kwa mauzo mawili aliyotuonyesha siwezi kusema. Alete ya mwaka.

#45 Bibi wa Bwiru

Na mimi nina swali, mjukuu. Hizo hisa ulikuwa unaziuza kabla au baada ya daftari la wanahisa kufungwa? Maana kampuni ikitangaza gawio, anayelipata ni yule ambaye jina lake lipo daftari linapofungwa. Kama unaingia na kutoka inawezekana magawio ya mwaka mzima yamekupita, wamepata wale uliowauzia. Hamjalihesabu hilo, mnapiga hesabu za bei tu.

#46 Kijana wa Igoma

Bibi... ile niliyoiuza 620 ilitangaza gawio baada ya mimi kutoka. Sikuliunganisha kabisa.

#47 Jiwe la Bismarck

Hapo msimtishe bure. Daftari likifungwa bei nayo huwa inashuka, aliyelipata gawio amepungukiwa kwenye bei. Hakuna cha bure.

#48 Bibi wa Bwiru

Inashuka, ndiyo. Kushuka kwa kiasi kilekile cha gawio kila mara, hilo mimi sijaliona kwa NMB yangu. Miaka mingine inashuka kidogo halafu inarudi.

#49 Mwenye Daftari

Wote wawili mna haki ya kubishana. Kwenye hisa isiyouzwa sana huwezi kuona vizuri imeshuka kwa ajili ya gawio au imeshuka kwa sababu mtu mmoja alitaka hela ya ada.

#50 Mkerewe Ughaibuni

Kwa anayefikiria kukimbilia masoko ya nje kukwepa makato: Hong Kong nao wana stempu, na wao wanakata pande zote mbili. Ilikuwa 0.13% tangu Agosti 2021, wakaishusha hadi 0.1% Novemba 2023. Kwa hiyo mzunguko mmoja ni 0.2%. Ndogo ukiilinganisha na 4.7 ya Igoma, ila mwenzako wa huko anaizungusha kila wiki.

#51 Sato Mkavu

Mimi naona suluhisho ni UTT. Mfuko wa Ukwasi huingii kwa ada wala hutoki kwa ada. Ukitaka kutoka kila wiki toka, hakuna anayekukata.

#52 Mama Mwaloni

Umesema kweli ila hajauliza pa kuweka hela. Ameuliza nani anakula.

#53 Sato Mkavu

Mama nimekosa, nipunguzie dagaa basi.

#54 Fundi Kemondo

Kuna mtu anatumia Hisa Kiganjani humu? Nataka kujua kama kamisheni ikipitia simu inakuwa ileile. Mimi huwa najaza fomu kwa dalali, na wa kwangu hajawahi kunipunguzia hata nukta moja.

#55 Kijana wa Igoma

Mimi oda zangu zote ni za simu na noti ndiyo hiyo niliyoweka #5. Lakini nasikia kuna madalali wanakubali kuongea ukiwa mteja wa mara kwa mara. Mwenye noti yenye kamisheni chini ya 1.7 kwa mauzo madogo aiweke, afiche jina la dalali.

#56 Dada Nyakato

Ya kwangu ya zile bei tatu iko nyumbani. Nikirudi usiku naipiga picha, ila kumbukeni ni ya hisa chache, msije mkanicheka.

#57 Jiwe la Bismarck

Weka na picha ya skrini ya siku hiyohiyo kama unayo, tuone wanunuzi walikuwa wangapi kwa kila bei. Nataka kumwona Daftari akiihesabu hiyo ndoto kwa bei tatu.